Waya wa gitaa na waya wa spika: jeki ni moja, kazi ni mbili

"Fundi, waya hizi zote zina jeki ya robo inchi. Zote zinaingia kwenye gitaa, zote zinaingia kwenye spika. Sasa tofauti iko wapi?"

Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe, na mezani huku nimeshika amplifaya iliyoungua. Wanaouliza ni wapiga gitaa wanaoanza, vijana wanaosimamia vyombo kanisani, na wale wa bendi za harusi ambao hubeba nyaya zote kwenye begi moja. Naliandika jibu lote hapa ili nikiulizwa tena niwe na mahali pa kumwelekeza mtu.

Jibu fupi ni hili: jeki ni ileile, lakini waya ulio katikati ya jeki mbili si uleule. Ukiweka waya wa spika kwenye gitaa utapata kelele, ila hakuna kitakachoungua. Ukiweka waya wa gitaa kati ya amplifaya na spika, muziki utalia vizuri kabisa kwa muda, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu utaamini kwamba hakuna tatizo.

Kabla ya kuanza, andaa hivi

- Nyaya zako zote zenye jeki ya robo inchi, hata zile fupi za pedali
- Bisibisi ndogo na tochi
- Multimita, hata ile ya bei ya chini
- Selotepu ya umeme ya rangi mbili. Mimi hutumia nyekundu na nyeupe
- Gitaa na amplifaya yake, kwa ajili ya jaribio moja tu

Tenga saa moja. Ukishazipanga nyaya zako mara moja, kazi hii hutairudia mpaka ununue waya mpya.

Mambo mawili ya kujua kwanza

Gitaa la umeme lisilo na betri hutoa umeme mdogo sana, kwa kawaida chini ya volti 1. Amplifaya inaupokea kwenye tundu lenye ukinzani wa karibu omu milioni 1, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye waya haufiki hata sehemu moja ya milioni ya ampea. Umeme mdogo kiasi hicho huchafuliwa na chochote kilicho karibu: nyaya za umeme za ukutani, taa za mirija, chaja ya simu. Ndiyo maana waya wa gitaa una uzi mmoja mwembamba wa shaba katikati, na kuuzunguka kuna wavu wa nyuzi za shaba unaozuia uchafu huo usiufikie. Wavu huo ndio njia ya pili ya umeme, na ndio kinga.

Upande wa spika mambo ni kinyume. Amplifaya ya wati 100 inayoendesha spika ya omu 4 ikifika ukomo wake inatoa volti 20 na ampea 5. Ukilinganisha na mkondo wa gitaa, hizo ni ampea mara milioni tano au zaidi. Umeme wa nguvu hiyo hausumbuliwi na taa wala chaja, hivyo hauhitaji wavu. Unahitaji shaba nene. Waya wa spika una nyuzi mbili nene zinazolingana, moja ya kwenda na moja ya kurudi, basi.

Nadharia yote unayohitaji ni hiyo.

Hatua ya 1: Zima kila kitu, chomoa nyaya zote

Zima amplifaya kwanza, ndipo uchomoe. Usichomoe waya wa spika amplifaya ikiwa inawaka. Jeki ya robo inchi inapotoka kwenye tundu, ncha yake inaweza kugusa chuma cha pembeni na kuunganisha pande mbili za umeme kwa sekunde moja. Kwa amplifaya ya transista isiyo na ulinzi, sekunde hiyo inatosha kuua transista za mwisho.

Ziweke nyaya zote sakafuni, zinyooshe, na uzitazame moja moja. Usianze kuzigawa kwa unene. Hilo ndilo kosa la kwanza ninaloliona: mtu anashika waya mnene na kusema "huu ni wa spika". Nyaya za gitaa za bei kubwa zina ganda nene sana la mpira, lakini ndani yake mna uzi mwembamba kama wa nyaya nyingine za gitaa. Na nimewahi kuona waya wa spika ulio mwembamba kwa nje kuliko wa gitaa. Unene wa ganda haukuambii kiasi cha shaba.

Hatua ya 2: Soma maandishi kwenye ganda

Washa tochi, uzungushe waya taratibu. Viwanda vingi huandika aina ya waya kwenye ganda lenyewe, kwa herufi ndogo zinazojirudia kila baada ya nusu mita au mita moja.

Ukiona neno INSTRUMENT au SHIELDED, huo ni wa gitaa. Ukiona SPEAKER, au namba kama 2 x 1.5 mm², 2 x 2.5 mm², 16 AWG au 14 AWG, huo ni wa spika. Kwenye vipimo vya AWG namba ikiwa ndogo shaba ni nene zaidi: 16 AWG ni karibu 1.3 mm², na 14 AWG ni karibu 2.1 mm².

Waya usio na maandishi, au uliofutika kwa kukanyagwa, uweke kando kwa hatua inayofuata. Na hata wenye maandishi, ikiwa umeununua umeshatumika au uliwahi kutengenezwa na mtu mwingine, ufungue tu. Mafundi hubadilisha jeki, na wakati mwingine hukata waya na kuunga kipande cha aina nyingine katikati.

Hatua ya 3: Fungua kofia ya jeki utazame ndani

Hii ndiyo hatua yenye uhakika kuliko zote. Jeki nyingi za chuma zina kofia ya kuzungusha kwa mkono. Ifungue, isukume nyuma kwenye waya, utazame jinsi nyuzi zilivyolehemiwa.

Ukiona uzi mmoja mwembamba umelehemiwa kwenye kikono cha katikati, na kundi la nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja limelehemiwa pembeni kwenye chuma kikubwa, huo ni waya wa gitaa. Kundi hilo lililosokotwa ndilo wavu.

Ukiona nyaya mbili zinazolingana unene, kila moja na ganda lake la plastiki, mara nyingi nyekundu na nyeusi au kahawia na buluu, na hakuna wavu wowote, huo ni wa spika.

Kuna aina ya tatu inayowachanganya watu: nyaya mbili nyembamba zenye rangi, pamoja na wavu. Huo asili yake ni waya wa maikrofoni. Una kinga, kwa hiyo unafaa kwa gitaa, lakini kwa spika haufai, ingawa una "nyaya mbili". Kinachoamua ni wavu na unene wa shaba, si idadi ya nyaya.

Ukiwa umeshafungua, tazama pia ubora wa kazi. Nyaya nyingi za gitaa zina utando mweusi wa plastiki chini ya wavu, juu ya ganda la uzi wa katikati. Utando huo unapitisha umeme kidogo, na kazi yake ni kupunguza kishindo unapokanyaga waya. Fundi asiyeujua huuacha uguse kikono cha katikati, na gitaa likapoteza sauti au likakwaruza bila sababu inayoonekana. Ukiuona umefika kwenye kikono, ukate urudi nyuma milimita chache.

Hatua ya 4: Jeki isiyofunguka, tumia jaribio la ngumi

Jeki nyingine zimefinyangwa kwa plastiki moja na waya, hazifunguki. Hizi fanya hivi.

Punguza sauti ya amplifaya ya gitaa hadi sifuri. Chomeka ncha moja ya waya kwenye tundu la kuingizia gitaa, si tundu lingine lolote. Ncha ya pili iache ining'inie hewani bila kugusa kitu. Pandisha sauti polepole mpaka usikie mvumo kidogo, halafu uache hapo. Sasa zungushia kiganja katikati ya waya na ukaze ngumi. Usishike jeki, shika ganda.

Kama ni waya wa gitaa, mvumo hautabadilika, au utabadilika kidogo mno. Kama ni wa spika, mvumo utapanda waziwazi mara tu unapoushika na kushuka unapouachia, kwa sababu mwili wako unaingiza umeme wa ukutani kwenye uzi usio na kinga. Huku kwetu ni mvumo wa hezi 50, ule mzito unaoufahamu. Fanya kwanza kwa waya unaojua ni wa gitaa ili sikio lipate kipimo cha kulinganisha.

Jaribio hili lina mpaka wake: linakuambia kama kuna wavu, halikuambii unene wa shaba. Waya usio na wavu na usiofunguka, ambao hujui shaba yake ina unene gani, usiutumie kwa amplifaya kubwa.

Hatua ya 5: Tia alama ncha zote mbili

Funga selotepu nyekundu kwenye ncha mbili za kila waya wa spika, na nyeupe kwenye ncha mbili za kila waya wa gitaa. Ncha zote mbili, kwa sababu nyuma ya jukwaa gizani utashika ncha moja tu. Wengine huandika kwa kalamu; hufutika kwa jasho ndani ya miezi michache.

Nyaya za spika zikae kwenye mfuko wake. Ushauri huu nimeutoa mara nyingi na watu huupuuza mara nyingi, lakini karibu makosa yote niliyoyaona yalianzia kwenye begi moja lenye kila kitu.

Hatua ya 6: Chagua waya kwa kutazama tundu unalotokea

Hapa ndipo wengi huteleza hata baada ya kuzijua nyaya. Wanaambiwa "waya wa spika unaenda kwenye spika", nao wanaupeleka kwenye kila kitu chenye umbo la spika. Kanuni iliyo salama ni kutazama umeme unatoka wapi. Ukitoka kwenye tundu ambalo amplifaya ya nguvu imekwisha kuukuza, tumia waya wa spika. Ukitoka mahali pengine popote, tumia waya wenye wavu.

Kwa hiyo gitaa kwenda pedali, pedali kwenda pedali, na pedali kwenda amplifaya ni waya wa gitaa. Tundu la SEND na RETURN nyuma ya amplifaya, ni waya wa gitaa. LINE OUT kwenda mikisa, ni waya wenye wavu.

Amplifaya isiyo na spika ndani, ile tunayoiita hedi, kwenda kwenye kabineti ya spika, ni waya wa spika. Kabineti moja kwenda ya pili, ni waya wa spika. Combo, yaani amplifaya yenye spika ndani, ikiwa na tundu la kuongezea spika ya nje, ni waya wa spika.

Sasa kanisani na kumbini. Spika yenye amplifaya ndani yake, ile inayochomekwa kwenye umeme wa ukutani, inapokea umeme mdogo kutoka mikisa. Kwa hiyo inataka waya wenye wavu, ingawa jina lake ni spika. Spika isiyochomekwa ukutani, inayoendeshwa na mikisa yenye amplifaya ndani au na amplifaya ya pembeni, inataka waya wa spika. Spika mbili zinaweza kufanana kabisa kwa mbele. Zunguka nyuma utafute tundu la waya wa umeme wa ukutani, ndilo litakalokuambia.

Angalizo moja zito: usichomeke waya wowote kutoka tundu la SPEAKER la amplifaya kwenda kwenye mikisa, pedali au kompyuta. Hapo aina ya waya haina maana tena. Volti 20 zikiingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa volti 1, kilicho upande wa pili kinaweza kuungua hapohapo.

Hatua ya 7: Pata waya wa spika wa unene unaofaa

Ukigundua huna waya wa spika hata mmoja, usihangaike. Huu ni rahisi kuutengeneza kuliko wa gitaa. Nunua waya laini wa nyuzi mbili wa 1.5 mm² kwenye duka la vifaa vya umeme, na jeki mbili za chuma zenye kofia pana. Kariakoo au mtaa wa Luthuli Nairobi hutakosa. Kwa hedi na kabineti zilizo jukwaani, mita 2 hadi 10, 1.5 mm² inatosha vizuri. Ukivuka hapo, au spika ni za omu 4 na nguvu ni kubwa, chukua 2.5 mm². Angalia tu kama waya huo unapita kwenye tundu la kofia ya jeki kabla hujalipa, maana 2.5 mm² mara nyingi hukataa kuingia.

Lehemu rangi moja kwenye kikono cha katikati na rangi ya pili kwenye chuma cha pembeni, na ncha ya pili ufuate rangi zilezile. Kisha weka multimita kwenye mlio. Ncha kwa ncha ilie, pembeni kwa pembeni ilie, ncha kwa pembeni isilie. Ikilia hiyo ya tatu, kuna uzi uliogusa upande wa pili. Usiutumie waya huo mpaka uupate.

Hatua ya 8: Washa kwa mpangilio

Chomeka waya wa spika kwanza, pande zote mbili, mpaka usikie jeki imekaa. Ndipo uwashe amplifaya. Sauti iwe chini, kisha ipande.

Piga robo saa kwa sauti ya kawaida, punguza, halafu ushike waya wa spika na jeki zake kwa mkono. Vyote viwe baridi. Waya wa spika unaopata joto unakuambia kwamba shaba haitoshi au kiungo kimelegea.

Nini hasa hutokea ukibadilisha: mfano mmoja hadi mwisho

Kijana mmoja wa bendi ya harusi aliniletea hedi ya transista ya wati 100, kabineti yake ni ya omu 4. Alikuwa akitumia waya wa gitaa wa mita 6 kati ya hivyo viwili kwa miezi kadhaa. "Ulikuwa unalia vizuri tu, fundi," aliniambia, na alikuwa anasema kweli.

Tupige hesabu. Uzi wa katikati wa waya wa aina hiyo una shaba ya karibu 0.22 mm². Kwa mita 6 ukinzani wake ni karibu omu 0.48. Ongeza wavu unaorudisha umeme, tuseme omu 0.12, jumla omu 0.6. Amplifaya ilipaswa kuona omu 4, sasa inaona omu 4.6. Volti 20 ukigawa kwa 4.6 unapata ampea 4.35. Spika inapokea wati 76 hivi, na wati 11 zinageuka joto ndani ya waya. Nyingi ya hizo ziko kwenye ule uzi mwembamba, ambao umefunikwa na plastiki, wavu, na mpira juu yake.

Ungekuwa waya wa spika wa 1.5 mm² wa urefu huohuo, ukinzani wote ungekuwa omu 0.14. Spika ingepata wati 93, na waya ungebaki na wati 3 zilizoenea kwenye shaba nene.

Sikio halisikii sana tofauti ya wati 76 na 93. Ndiyo maana kijana hakushtuka. Na wati 11 kwenye mita 6 zilizonyooka sakafuni haziyeyushi kitu kwa usiku mmoja. Nawaambia hivi kwa sababu wapo wanaotisha watu kwamba waya utawaka moto papo hapo. Mtu anajaribu, hauwaki, anaacha kuamini yote aliyoambiwa.

Kilichomwangusha ni mambo mawili yaliyokutana. Kwanza, waya ulikuwa umekunjwa mara nyingi karibu na jeki, na nyuzi kadhaa za shaba zilikuwa zimekatika ndani bila kuonekana. Pale zilipokatika, mkondo wote ulipita kwenye nyuzi chache zilizobaki, na joto likakusanyika kwenye sentimita moja. Pili, siku hiyo ya harusi waya uliozidi aliuviringisha nyuma ya kabineti na kapeti likaufunika. Baada ya saa tatu sauti ilianza kukatika, ikarudi, ikakatika, kisha kimya. Nilipoukata waya karibu na jeki, plastiki ya ndani ilikuwa imelainika na uzi wa katikati ulikuwa umesogea ukagusa wavu. Hapo amplifaya haikuwa inaendesha omu 4 tena, ilikuwa inaendesha karibu omu sifuri. Transista zake za mwisho zilikufa zote.

Angekuwa na amplifaya ya vali, hatari kubwa ingekuja kwa njia nyingine. Amplifaya ya vali huvumilia kidogo nyaya zikigusana, lakini haivumilii waya kukatika ikiwa inapigwa kwa nguvu. Spika ikitoweka ghafla, umeme kwenye transfoma ya kutolea sauti hukosa pa kwenda, volti hupanda kupita kiasi na cheche huruka kwenye soketi za vali au ndani ya transfoma. Transfoma hiyo ni miongoni mwa vipuri ghali vya amplifaya. Na uzi mwembamba uliochoka wa waya wa gitaa ndio hasa wa kukatika katikati ya wimbo.

Upande wa pili wa kosa hauna hesabu ndefu. Waya wa spika kati ya gitaa na amplifaya hauunguzi kitu. Utasikia mvumo unaopanda unapokaribia taa au chaja, mlio wa simu inapotafuta mtandao, wakati mwingine hata redio. Ukitumia pedali ya kukwaruza sauti, kelele yote hiyo inakuzwa pamoja na gitaa. Ukikwama kabisa na huna waya mwingine unaweza kupiga nao. Kinyume chake usikifanye, hata kwa wimbo mmoja.

Ukikuta tatizo, anzia hapa

*Kuna mvumo kwenye gitaa.* Shika ganda la waya. Mvumo ukibadilika, waya hauna wavu au wavu umekatika kwenye jeki. Usipobadilika ukishika waya, lakini ukapungua unaposhika nyuzi za gitaa au kugeuza mwili, chanzo ni gitaa lenyewe au chumba, na kubadilisha waya hakutasaidia.

*Gitaa linasikika limefifia, halina ukali.* Waya wenye wavu hula sauti kali kadiri unavyorefuka. Kama unatumia mita 10 au zaidi bila pedali yoyote iliyowashwa, jaribu waya wa mita 3 na usikilize.

*Sauti inakatika baada ya muda, inarudi ikipoa.* Zima. Shika waya wa spika, hasa karibu na jeki. Ukiwa na joto, fungua kofia utazame. Huenda ni waya wa gitaa au kiungo kimelegea. Waya ukiwa baridi, tatizo linaweza kuwa amplifaya inajilinda na joto lake yenyewe.

*Spika inakwaruza ukitikisa waya.* Acha kupiga mara moja, hasa kama amplifaya ni ya vali. Usiendelee mpaka mwisho wa wimbo. Badilisha waya kabla hujawasha tena.

*Hakuna sauti kabisa baada ya kutumia waya usio wake.* Chomoa amplifaya ukutani. Weka waya mzuri wa spika kwenye kabineti, ncha ya pili iwe huru, upime kwa multimita kati ya ncha na pembeni. Kabineti ya omu 8 husoma karibu 6 hadi 7, ya omu 4 husoma karibu 3 hadi 3.5, ya omu 16 karibu 12 hadi 13. Namba kuwa ndogo kuliko iliyoandikwa ni kawaida. Ikisoma sifuri au isisome kitu, spika au nyaya za ndani ya kabineti ndizo zenye shida.

Kabineti ikiwa nzima, angalia fyuzi ya amplifaya. Weka nyingine yenye namba ileile, mara moja tu. Ikikatika tena, transista au transfoma imeumia. Ipeleke kwa fundi. Usifunge karatasi ya sigara wala uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Na kama ni ya vali usiifungue mwenyewe, hata ikiwa imechomolewa ukutani, kwa sababu kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti kwa muda mrefu.

*Nimetumia waya wa gitaa kwenye spika jana usiku, amplifaya imekufa?* Ikiwa bado inalia sawasawa, kwa kawaida hapana. Ondoa waya huo leo, weka wa spika, fanya jaribio la robo saa la hatua ya 8. Ule waya uliotumika usiurudishe kwenye gitaa kabla hujafungua jeki zake zote mbili na kuangalia kama plastiki ya ndani imelainika.